Jina Linaloitwa Katikati ya Wimbo: Namna ya Kumpata Mwenyewe

Tangu tutangaze kwamba tunapokea kaseti na santuri za wananchi ili tuzihifadhi kidijitali, barua zinazoongoza kwa wingi mezani kwetu ni za kuuliza jina moja tu. Mtu ana wimbo wa Kikongo wa miaka ya 1980, mwimbaji anamfahamu, lakini sebene, yaani ile sehemu ya haraka ya magitaa na kucheza, inapoanza mwimbaji huyo anamwita mtu mwingine, na huyo anayeitwa ndiye anayetafutwa. Pamoja na barua hizo yamekuja malalamiko kwamba tunachelewesha majibu na tunarudisha fomu bila sababu. Sababu zipo, nazo ni karibu zilezile kila siku. Nitazieleza kwa kutumia mfano mmoja ambao majibu yake yanajulikana, ili kila anayesoma aweze kuufuata kwa masikio yake mwenyewe.

Kuna kaseti tuliyoletewa yenye maandishi ya kalamu, "Kanda Bongo", basi. Mwenye kaseti alijaza kwenye fomu kwamba anamtafuta "Tibulo, mwimbaji". Maneno hayo mawili yalikuwa na makosa mawili, na yote mawili yangeweza kuondolewa kwa kusikiliza wimbo upya dakika tano.

Kosa la kwanza ni "mwimbaji". Nawaomba sana wananchi waache kudhani kwamba kila anayetajwa ndani ya wimbo anaimba. Jambo la kuangalia ni nini kinatokea mara tu baada ya jina kuitwa. Katika nyimbo za Kanda Bongo Man za wakati ule, ubeti unakwisha, Kanda anaita "Diblo!", na papo hapo gitaa la solo linaingia kwa sauti za juu, la haraka, likijirudia rudia. Jina likiitwa na chombo kikaitika, huyo ni mpigaji wa chombo hicho. Wala si bahati kwamba kwa Kanda jambo hili linasikika waziwazi: yeye alifupisha sehemu ya polepole ya mwanzo ambayo rumba ya zamani iliienzi, akaliacha gitaa liingie mapema na kurudi mara kwa mara. Kwa hiyo mpiga solo wake ana nafasi ya kuitwa zaidi ya mara moja katika wimbo mmoja.

Sasa linganisha na majina ya aina nyingine. Ukisikia majina matano au sita yamepangwa mfululizo, mengine yakiwa na mji nyuma yake, Paris au Brussels, mengine yakiwa na cheo, na hakuna chombo kinachoitika, hao kwa kawaida si wanamuziki. Wakongo huyaita mabanga: ni majina ya wafadhili, wafanyabiashara na marafiki wa bendi, na mara nyingi kutajwa huko kumelipiwa. Kwetu mashabiki wa muziki wa dansi wanawajua watu wa namna hiyo kwa jina la mapedeshee. Wananchi wametuletea majina ya mapedeshee wakidai ni magwiji wa muziki waliosahaulika, na wengine wamekasirika tulipowaambia sivyo. Hatuwezi kumfanya mfanyabiashara awe mpiga besi kwa sababu jina lake limependeza likiimbwa.

Kisha kuna jina linalofuatwa na amri ya kucheza. Hilo huenda ni mtindo wa kucheza wala si mtu, kama ilivyo kwasa kwasa, ambayo Kanda mwenyewe aliieneza duniani. Na pale anaporapu mtu mwenye sauti tofauti na ya mwimbaji, huyo ni atalaku, yaani rapa kama tunavyomwita kwenye bendi zetu. Kazi hiyo ilipata umbo lake ndani ya bendi ya Zaiko Langa Langa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Atalaku anaweza kumtaja mpiga gitaa, mfadhili na mtindo ndani ya pumzi moja, kwa hiyo sehemu yake isikilizwe kwa tahadhari zaidi.

Kosa la pili kwenye ile fomu ni "Tibulo" badala ya Diblo. Hapa siwalaumu watu. Mswahili husikia kwa masikio ya Kiswahili na huongeza irabu palipo na konsonanti mbili, lakini santuri zile zilitengenezwa Paris, na majina yakaandikwa kwa desturi ya Kifaransa. Unaposikia "Nguma", jalada limeandika Ngouma. Unaposikia "Chaku", tafuta Tchakou. "Jesi" ni Djessy, "Lokasa" ni Lokassa, "Siran" ni Syran, "Niboma" ni Nyboma. Kabla ya kusema jina halipo popote, liandike kwa namna tatu au nne: u iwe ou, ch iwe tch, j iwe dj, s ya katikati iwe mbili, i iwe y. Kazi hiyo ni ya robo saa, nayo imetatua maombi mengi kuliko mtambo wowote tulio nao. Programu za simu zinazotambua nyimbo hazisaidii hapa. Zinakutajia wimbo na mwenye wimbo, na huyo ulikuwa umeshamjua.

Kwa wimbo wa kabla ya miaka ya 1980 kuna kikwazo kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Mobutu iliwataka wananchi wa Zaire waache majina ya Kikristo. Mtu aliyeitwa Rochereau kwenye santuri ya miaka ya 1960 anakuja kuwa Tabu Ley baadaye, na Verckys anakuwa Kiamuangana Mateta. Kwa hiyo mwaka wa kurekodiwa ni lazima ujulikane kabla jina halijatafutwa. Ndiyo maana fomu ina nafasi ya mwaka, na ndiyo maana fomu isiyo na hata makadirio ya mwaka inarudi.

Tukiwa na "Diblo", mpiga gitaa la solo, tunakwenda kwenye jalada. Kaseti nyingi zilizouzwa Afrika Mashariki zilikuwa nakala za nakala, na karatasi yake haikuwa na jina la mpigaji hata mmoja. Santuri ya asili ndiyo yenye orodha. Albamu ya kwanza ya Kanda Bongo Man akiwa peke yake, Iyole, ilitoka 1981, miaka miwili hivi baada ya yeye kuhamia Paris, na aliyepiga gitaa humo ni Diblo Dibala, mzaliwa wa Kisangani aliyekuwa akiishi Ubelgiji. Asiye na santuri anaweza kuangalia picha za majalada kwenye hifadhidata ya Discogs. Andika hivi kwenye mtambo wa kutafutia:

```
site:discogs.com "Kanda Bongo Man" Diblo guitar
```

Angalia picha ya jalada lenyewe. Usiishie kwenye maandishi yaliyo pembeni yake. Maandishi yale yameingizwa na watu wa kujitolea, na jina moja linaweza kuwa limeandikwa kwa tahajia kadhaa. Jalada la mkusanyiko wa nyimbo bora nalo halitoshi, kwa sababu nyimbo za mkusanyiko zimetoka katika miaka tofauti na wapigaji tofauti. Kanda amekuwa na mpiga solo mwingine mwenye sifa, Nene Tchakou, na mtu akiona jina moja kwenye mkusanyiko akalibandika kwenye nyimbo zote, anampokonya mmoja kazi yake na kumpa mwingine. Makosa ya aina hii tunayaona kila wiki kwenye video zinazopandishwa mtandaoni, na yanaenea kwa sababu kila anayenakili anaamini aliyetangulia amehakiki.

Baada ya jalada tunataka ushahidi wa pili usiotoka kwa mwimbaji yuleyule. Kwa Diblo upo. Katikati ya miaka ya 1980 alishirikiana na Aurlus Mabele, mwimbaji wa Brazzaville, katika kundi la Loketo, na humo pia jina lake linaitwa gitaa linapopanda, mara nyingine pamoja na lakabu yake ya "Machine Gun". Loketo ya kwanza ilipovunjika mwaka 1990 akaunda Matchatcha. Weka wimbo wa Kanda na wimbo wa Loketo pamoja, sikiliza gitaa peke yake. Mkono ni mmoja: nyuzi zinakatwa fupi, kifungu kinarudiwa mara nyingi kikibadilishwa kidogo tu, na sauti inapanda ngazi kabla ya kurudi chini. Waimbaji wawili tofauti wanaita jina moja, na gitaa lilelile linaitika. Hapo ndipo tunaandika jina kwenye kumbukumbu bila wasiwasi.

Kwa utaratibu wetu, ombi litapokelewa likiwa na mambo haya: nakala ya sauti, mwaka wa kurekodiwa au makadirio yake, dakika na sekunde jina linapoitwa, kwa mfano 3:12, na kila mahali linaporudiwa, jina kama ulivyolisikia, hata kama huna hakika, chombo kinachofuata, na picha ya pande zote mbili za kaseti au santuri, pamoja na namba iliyochongwa karibu na lebo pale mistari ya santuri inapoishia. Namba hiyo watu huiruka, ilhali ndiyo inayotofautisha toleo la kwanza na toleo lililochapwa upya. Ombi lisilo na dakika na sekunde linarudishwa siku hiyohiyo. Likirudishwa mara ya pili kwa upungufu uleule, linafungwa na mwombaji anaanza upya na namba mpya. Anayejaza kwa makusudi jina asilolisikia kwenye wimbo, kwa kuwa ni la ndugu yake au la mtu wa kijijini kwao, kumbukumbu yake hiyo itaondolewa, na maombi yake mengine yote yatahakikiwa upya.

Hapo mwisho niseme jambo ambalo wengi wanalichanganya. Kutajwa kwenye wimbo hakumpi mtu mgao wa mirabaha, na barua kutoka kwetu haimpi pia. Kinachompa mpigaji haki ni kupiga kwake. Mkataba wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, wa mwaka 1996 kuhusu maonyesho na rekodi za sauti, ibara ya 5, unatambua haki ya mtumbuizaji kutajwa kama mwenye kazi, na ibara ya 17 inalinda haki zake kwa muda usiopungua miaka 50, kuanzia mwisho wa mwaka aliorekodiwa. Kwa hesabu hiyo, gitaa lililorekodiwa 1981 linafika Desemba 31, 2031. Madai ya fedha yapelekwe kwenye chombo cha hakimiliki cha nchi husika, yakiwa na mkataba au ushahidi wa kurekodi.

Pale jalada linapokosekana na shahidi wa pili hayupo, tunaandika jina kama lilivyosikika, tunaongeza dakika na sekunde, na mbele yake tunaweka neno "anaitwa". Hatuandiki "amepiga".