Mwanafunzi Anayeogopa Kutazamwa Uwanjani

Muhula huu ofisi yetu imepokea malalamiko ya wazazi kuhusu vipindi vya mazoezi ya viungo. Baadhi wanataka watoto wao waondolewe kabisa. Wengine wanasema mtoto alisimamishwa mbele ya darasa arudie zoezi huku wenzake wakicheka.

Hili la pili ni suala la sheria. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, hapa Kenya, kinakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi, kimwili au kisaikolojia. Anayepatikana na hatia hutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au hufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Malalamiko yaandikwe, yawe na tarehe na maelezo ya tukio, yapelekwe kwanza kwa mwalimu mkuu.

Lakini ruhusa ya kudumu nayo haimsaidii mtoto. Kila anapoketi kando hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo humthibitishia kwamba uwanja ni hatari. Wiki ijayo hofu huwa imezidi. Na tuache kumwita mvivu! Mvivu haumwi tumbo siku ya mazoezi tu, wala havai sweta jua la saa sita ili mwili usionekane.

Msichana mmoja wa Gredi ya 7 alikuwa akikwepa mpira wa wavu. Mwalimu alimwomba aipime hofu yake kuanzia 0 hadi 10. Kuanzisha mpira mbele ya darasa zima kulipata 9. Akiwa peke yake nyuma ya madarasa, 2. Wakaanzia hapo nyuma, mpira na ukuta, dakika 10 kila mara. Kisha akaja rafiki aliyemchagua mwenyewe, halafu watu 4, halafu uwanjani huku makundi mengine yakishughulika na yao. Kila hatua ilirudiwa hadi hofu ikapungua karibu nusu, ndipo wakasonga mbele. Siku hofu ilipopanda walirudi hatua moja tu, hawakuanza upya.

Wakati wa mechi alichagua kazi: kwanza kuokota mipira, kisha kuwa mwamuzi wa mstari. Hapa walimu wengi hukosea. Mtoto akiachiwa daftari la alama mwaka mzima, daftari linakuwa maficho. Mwamuzi wa mstari hulazimika kuinua bendera watu wote wakimtazama, kwa hiyo kazi yenyewe ni mazoezi ya kutazamwa. Kila kazi ipewe tarehe ya mwisho.

Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo aonwe na daktari kabla ya haya yote. Hofu ikienea hadi kusoma kwa sauti darasani, au mtoto akikataa shule, mwalimu wa ushauri nasaha ahusishwe mara moja.

Msichana yule alianzisha mpira kwenye mechi ya darasa wiki ya 7. Uligonga wavu. Aliomba zamu nyingine, na sweta alikuwa ameliacha darasani.