Kustahili na kustahiki si neno moja

Wiki hii nimesikia tena mtu akiiita Pensheni Jamii ya Zanzibar, fedha wanazolipwa wazee kila mwezi, "TASAF ya wazee". TASAF yenyewe, mfuko wa taifa unaosaidia kaya maskini, ipo Unguja na Pemba, lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba mipango hii miwili inajibu tofauti swali la nani apewe.

Yote miwili ni uhawilishaji fedha: serikali inampa mtu fedha taslimu badala ya unga au blanketi, naye anajua mwenyewe pa kuzipeleka. Maana yake ni hiyo tu.

Kinachonikera ni neno "anastahili" kutumika kotekote. Kiswahili kimepokea maneno mawili kutoka Kiarabu. Stahili inatokana na ahli, kama tunavyosema ahali: kuwa mtu wa jambo fulani, kulifaa. Stahiki inatokana na haki. Ndiyo maana mfanyakazi aliyeachishwa kazi hudai stahiki zake, wala haombi aonewe huruma.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF unauliza nani anastahili. Mkutano wa kijiji unataja kaya zilizo duni kuliko nyingine, kisha waandikishaji wanapita na dodoso: sakafu ya nini, paa la nini, wangapi wanalala humo. Majibu yanapigiwa hesabu, na orodha inarudi mkutanoni kuthibitishwa. Nilikaa katika mkutano mmoja wa namna hiyo. Bibi mmoja alipingwa kwa sababu ya bati. Bati lile aliezekewa na mwanawe, na mwanawe alikwisha kufariki. Ndani hamkuwa na kitanda. Ilimbidi asimame mbele ya majirani aeleze umaskini wake kitu kwa kitu. Paa linaonekana kutoka barabarani, njaa haionekani, na hapo ndipo kipimo cha aina hii hukosea.

Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, haiulizi paa. Inauliza kama umefika miaka 70 na kama ni mkaazi wa Zanzibar. Tajiri wa Mji Mkongwe na mvuvi wa Micheweni wanaingia kwa mlango mmoja. Wapo wanaosema fedha zinapotea kwa wenye nazo, na hoja hiyo ina uzito. Tena mwenye miaka 66 asiye na kitu anabaki nje, na asiye na karatasi ya kuthibitisha umri hupata taabu. Lakini hakuna jirani anayeinua mkono kumpinga mzee.

Kwa hiyo mzee wa Pensheni Jamii tusimwite mlengwa, maana hakuna aliyemchagua miongoni mwa wenzake. Umri wake umetimia, na fedha ile ni stahiki yake.