Slipu zinasema hivi, cheti cha kodi kinasema vile: kosa limekaa mwezi gani?

Kila mwaka unapofungwa, mwajiri humpa mfanyakazi cheti kinachoonyesha alilipwa kiasi gani kwa mwaka mzima na alikatwa kodi kiasi gani. Jina lake hubadilika kwa kila nchi: kuna P9, kuna P60, kuna W-2, kuna IRP5. Kazi yake ni ileile. Nimekaa kwenye meza ya mishahara kwa miaka mingi, na barua nilizozipokea zaidi baada ya kugawa vyeti zilikuwa za mstari mmoja: "Cheti changu hakilingani na slipu zangu, naomba kirekebishwe." Nakiri kwamba nyingi kati ya hizo nilizijibu kwa mstari mmoja pia, na mlalamikaji akaishia hapo. Barua ya namna hiyo haimwambii mhasibu aende kutazama wapi.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba cheti hakitengenezwi kutokana na slipu zako. Kila mwezi mfumo wa mishahara hutoa vitu viwili: slipu inayokwenda kwako, na hesabu inayokwenda kwenye mamlaka ya kodi kupitia ritani ya mwajiri. Cheti hujumlisha hizo hesabu za upande wa pili. Pande zote mbili zikitoka kwenye uchakataji uleule, zitakubaliana. Zikiachana, maana yake kuna mwezi ambao slipu ilibadilishwa na ritani ikabaki vilevile, au kinyume chake. Kazi yako ni kuutafuta huo mwezi.

Nitatumia kisa kimoja nilichowahi kukishughulikia, na takwimu nimezibadilisha ziwe nyepesi. Mfanyakazi huyu alilipwa pato ghafi la 90,000 kila mwezi. Kati ya hizo, 6,000 zilikwenda kwenye mfuko wa pensheni na hazikutozwa kodi, kwa hiyo pato la kutozwa kodi likawa 84,000. Kodi iliyokatwa ilikuwa 14,000. Kwa miezi 12, slipu zake zinatoa pato ghafi la 1,080,000, pato la kutozwa kodi 1,008,000 na kodi 168,000. Cheti chake kilionyesha pato la kutozwa kodi 1,082,000 na kodi 183,000.

Alipouliza mara ya kwanza, aliambiwa tofauti ni 2,000 tu, yaani 1,082,000 ukitoa 1,080,000, kwa hiyo asijisumbue. Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote. Aliyemjibu alichukua pato ghafi la kwenye slipu akalilinganisha na pato la kutozwa kodi la kwenye cheti. Ni vitu viwili tofauti, na safari hii vilikaribiana kwa bahati tu. Mstari wa kutozwa kodi ulinganishwe na mstari wa kutozwa kodi. Ukifanya hivyo, tofauti ni 74,000 kwenye pato na 15,000 kwenye kodi, na hiyo siyo tofauti ya kupuuza. Kumbuka pia kwamba kiasi kinachoingia benki hakina nafasi kabisa kwenye ulinganisho huu. Makato ya mkopo au ya chama cha ushirika hupunguza fedha ya mkononi, lakini hayapunguzi pato la kodi.

Sasa, 74,000 zimetoka wapi? Usikimbilie kusema yote ni makosa. Kwanza ondoa zile zenye maelezo halali, na ziko mbili zinazojirudia. Moja ni marupurupu yasiyo ya fedha, kama nyumba au gari la mwajiri. Sheria nyingi huyahesabu kuwa pato, ila kwa kuwa hayalipwi kwa fedha, slipu nyingine haziyaonyeshi kwenye safu ya mapato ingawa kodi yake imo ndani ya ile uliyokatwa. Huyu mfanyakazi alikuwa na marupurupu ya aina hiyo ya thamani ya 2,000 kwa mwezi, sawa na 24,000 kwa mwaka. Ya pili ni tarehe ya malipo. Katika mifumo mingi mshahara huhesabiwa kwenye mwaka uliolipwa, siyo mwaka ulioufanyia kazi. Mshahara wa mwezi wa mwisho uliolipwa siku chache baada ya mwaka kugeuka unaweza kuangukia cheti cha mwaka unaofuata. Tazama tarehe ya malipo kwenye slipu, usitazame jina la mwezi. Yeye hakuwa na tatizo hilo.

Zikabaki 50,000. Hapa kuna kipimo ninachokipenda kwa sababu hakihitaji ruhusa ya mtu yeyote kuingia kwenye mfumo: gawanya tofauti ya kodi kwa tofauti ya pato. Ukigawanya 15,000 kwa 74,000 unapata asilimia 20 na kidogo, namba isiyofanana na kiwango chochote cha kodi alichokuwa akitozwa. Ukigawanya 15,000 kwa 50,000 zilizobaki unapata asilimia 30 kamili, nayo ndiyo iliyokuwa ngazi yake ya juu. Maana yake ni kwamba kuna malipo mamoja ya 50,000 yaliyoingia kwenye ritani yakiwa na kodi yake, lakini kwenye slipu hayapo. Kama jibu lingekuwa asilimia ya ajabuajabu, ningeshuku makosa mawili au zaidi yamechanganyika.

Mwezi wenyewe tuliupata kwa kupitia slipu zake zote za mwaka. Slipu nyingi huwa na safu ya jumla tangu mwaka uanze. Ifuate mwezi kwa mwezi: jumla ya mwezi huu ukitoa jumla ya mwezi uliopita lazima iwe sawa na malipo ya mwezi huu. Kwake ilikwenda vizuri hadi mwezi wa 7. Mwezi wa 8 malipo yalisomeka 84,000, lakini jumla iliruka kwa 134,000. Ndipo akakumbuka kwamba mwezi huo alitumiwa slipu mbili. Ya kwanza ilikuwa na malimbikizo ya 50,000 yaliyowekwa kimakosa. Kosa likaonekana kabla fedha hazijatoka, slipu ikatolewa upya, akalipwa kiasi sahihi. Ritani iliyokwenda kwenye mamlaka, hata hivyo, ilijazwa kutokana na ule uchakataji wa kwanza, na hakuna aliyerudi kuigusa.

Mtu anaweza kuuliza: kama cheti kinasema nimekatwa kodi zaidi kuliko nilivyokatwa kweli, si faida kwangu? Siyo faida. Zile 15,000 ni fedha ya mwajiri, na siku atakapogundua amelipa zaidi atasahihisha ritani, nawe utaandikiwa deni kwa kodi uliyodai kuwa umelipa. Mpaka siku hiyo ifike, pato lako linaonekana kubwa kuliko lilivyo.

Hali mbaya zaidi ni ile ya kinyume: slipu inaonyesha kodi kubwa, cheti kinaonyesha ndogo au sifuri kwa miezi fulani. Huenda namba yako ya mlipakodi iliandikwa vibaya pale mfumo ulipobadilishwa, na kodi yako ikaingia kwenye jina la mtu mwingine. Huenda pia mwajiri alikata asiwasilishe. Kabla hujaandika barua, ingia kwenye akaunti yako ya kodi mtandaoni, kama nchi yako inayo, uone miezi iliyorekodiwa. Mwezi ukikosekana wote, hilo siyo kosa la kujumlisha.

Barua iende kwa anayeandaa mishahara, na idara ya rasilimali watu ipewe nakala. Rasilimali watu ndio wanaokugawia cheti, lakini mara nyingi hawana uwezo wa kugusa ritani. Ya huyu mfanyakazi ilisomeka karibu hivi:

> Cheti changu cha kodi cha mwaka kinaonyesha pato la kutozwa kodi 1,082,000 na kodi 183,000. Slipu zangu 12, pamoja na marupurupu ya 24,000, zinatoa pato 1,032,000 na kodi 168,000. Tofauti ya 50,000 na kodi ya 15,000 iko mwezi wa 8, kutokana na slipu ya kwanza iliyofutwa. Naambatanisha slipu zote mbili na taarifa ya benki ya mwezi huo. Naomba ritani ya mwezi wa 8 isahihishwe, nipatiwe uthibitisho wa kuipokea kutoka mamlaka ya kodi, kisha nipewe cheti kipya. Naomba jibu kabla ya tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ritani yangu.

Angalia mpangilio wa maombi: ritani kwanza, cheti baadaye. Nilijifunza hilo kwa aibu. Nikiwa kijana kazini nilimsahihishia mtu cheti kwa kubadilisha namba kwenye faili na kulichapa upya, akaondoka akinishukuru. Miezi michache baadaye alirudi na barua ya makadirio, kwa sababu mamlaka haikusoma karatasi yangu. Ilisoma ritani, na ritani ilikuwa na namba za zamani. Ukipewa cheti kipya siku hiyohiyo uliyolalamika, uliza kimetokana na ritani ipi.

Jibu utakalolisikia mara nyingi ni kwamba mwaka umeshafungwa. Ni kweli mfumo wa mishahara hufungwa, na kuufungua ni kero. Lakini kufungwa kwa mfumo wa kampuni hakuzuii ritani kusahihishwa. Mifumo ya kodi ina njia yake kwa ajili hiyo, na nyingine zina fomu maalumu, kama W-2c ya Marekani. Kinachomfanya mhasibu asite mara nyingi ni hofu ya adhabu. Pale mwajiri alipolipa zaidi, mkumbushe kwamba anayedai kurudishiwa zile 15,000 ni yeye.

Siku zikipita bila jibu, andika tena ukitaja tarehe ya barua ya kwanza, kisha peleka slipu, taarifa za benki na barua zote mbili kwa mamlaka ya kodi. Usijaze ritani yako kwa namba zako mwenyewe kimyakimya. Zisipolingana na za mwajiri, kompyuta yao itakuuliza wewe kwanza. Kama uliwasilisha ritani kabla cheti hakijasahihishwa, nawe utahitaji kuirekebisha.

Cheti kipya cha huyu mfanyakazi kilikuja na pato la 1,032,000 na kodi 168,000. Akanipigia simu akiwa na wasiwasi: bado kimezidi slipu kwa 24,000. Nikamwambia hizo ni yale marupurupu, aziache hapohapo.