Matangazo yamezimwa tena, vito viko wapi?

Kazi yangu ni kuunganisha gemu za simu na mifumo ya malipo, kwa hiyo wachezaji waliopoteza walivyonunua huishia kwangu. Mmoja aliniandikia majuzi. Alikuwa amelipia vitu viwili: kuondolewa kwa matangazo, na vito 1,200. Vito 300 alishavitumia. Simu ikajaa, akaifuta gemu, baadaye akaisakinisha upya. Akabonyeza `Restore Purchases`, kitufe cha kurudisha ulivyonunua. Matangazo yakatoweka, lakini vito vikasoma sifuri.

Kitufe hicho hakikukosea. Kuondoa matangazo ni ununuzi wa kudumu, na duka la programu huuweka kwenye akaunti uliyolipia. Gemu ikiuliza, duka hujibu kwamba mtu huyu ameshalipa. Vito ni kitu cha kutumika kikaisha. Vikishaingia kwenye gemu, duka huhesabu kwamba vimekwisha kufika, na halijui umebakiwa na 900 au umebaki mikono mitupu. Hesabu hiyo iko kwenye seva ya gemu, chini ya kitambulisho cha mchezaji.

Hapo ndipo alipokwama. Alikuwa akicheza kama mgeni, bila kuiunganisha gemu na akaunti yoyote. Alipoifuta, simu ilipoteza kitambulisho chake, na aliporudi akapewa kipya. Vito vyake 900 vilikuwepo, ila kwa jina la mgeni yule wa zamani.

Nilimwomba risiti iliyotumwa kwa barua pepe siku aliponunua. Namba ya oda ya Google Play huanza na `GPA`, na kwa namba hiyo tulimpata mgeni wa zamani kwenye seva yetu. Nikamwomba pia kitambulisho kipya, ambacho katika gemu nyingi huandikwa kwenye ukurasa wa mipangilio, tukamrudisha kwenye akaunti yake ya awali.

Bahati nzuri hakuwa ameiunganisha ile akaunti tupu na akaunti yake ya Google. Nakuomba sana usifanye hivyo kabla ya kujibiwa na mtengenezaji wa gemu, maana gemu nyingi huruhusu akaunti moja tu ya mchezaji kwa kila akaunti ya Google, na ile yenye mali ikifika inakuta nafasi imeshachukuliwa. Kama gemu ilikuwa imehifadhi kila kitu kwenye simu tu, bila seva, kwa kawaida vito havirudi. Utakachobaki nacho ni kumwomba mtengenezaji akufidie kwa kuonyesha risiti.

Na kama hata kile cha kudumu hakikurudi, angalia kwanza umeingia dukani kwa akaunti gani. Simu yenye akaunti mbili za Google huchanganya watu wengi: risiti imekwenda kwenye barua pepe moja, gemu imesakinishwa kwa nyingine. Ingia kwenye Play Store kwa akaunti iliyopokea risiti, ifute gemu, uisakinishe kutoka hapo, kisha ubonyeze kitufe tena.