Sababu za kuondoka haziingii kwenye ujumbe wa kuaga

Nafanya kazi ya rasilimali watu hapa Dodoma, na watu wanaoacha kazi huniomba niwasomee ujumbe wa kuaga kabla hawajautuma kwa timu nzima. Karibu wote wanaamini jambo moja: kwamba usipoeleza kwa nini unaondoka, wenzako watakuona msiri. Juzi nimeambiwa hivyo tena, na uvumilivu umeniishia.

Sababu zina mahali pake. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka notisi ya kusitisha ajira iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe iliyotolewa. Kwa anayelipwa kwa mwezi, akishavuka mwezi wa kwanza kazini, notisi haipungui siku 28. Maana yake mwajiri ameshaambiwa siku nyingi. Kama kuna la ziada lenye uzito, liseme kwenye mahojiano ya kuondoka, ambako kuna mtu anayeandika na anayeweza kufuatilia. Timu nzima haiwezi kukusaidia kwa hilo.

Rasimu ya juzi ni ya mratibu wa mradi. Ofisi yao kuu iko hapa mjini, timu za uwandani ziko Kongwa na Mpwapwa. Aliandika: "Baada ya kutafakari sana kuhusu mazingira ya kazi, nimeona huu ni wakati mwafaka wa kuondoka." Kwake hiyo ni lugha ya upole, maana hakumtaja mtu. Lakini aliye Mpwapwa, ambaye hakuwahi kusikia lolote, ataanza kuuliza nani kamkwaza mwenzetu. Hatamuuliza yeye. Atauliza kwenye kundi la WhatsApp, na jioni kutakuwa na majina mawili matatu, mengine ya watu wasiohusika kabisa. Atakayerithi kiti naye ataingia akiwa na wasiwasi na kila anayemsalimia.

Hata sababu njema ina kasoro yake. "Nimepata nafasi bora zaidi" inawaambia wanaobaki kwamba walipo ni pabaya. Kipimo changu ni hiki: kama sababu inatosha kwenye nusu sentensi na haizai swali la pili, iandike. "Naenda masomoni" inapita. "Nahamia Mwanza kuungana na familia" inapita. Mshahara mpya haupiti, na jina la mwajiri mpya liache mpaka uwe umeshaanza kazi kule.

Kuna sentensi moja ambayo bado inanisumbua: "Kama kuna niliyemkosea, naomba anisamehe." Kwetu mtu hawezi kuondoka bila kuomba radhi, na sitaki kumvunja mtu desturi hiyo. Nimewahi kuwashauri watu waifute, wakaja wazee wa ofisi kuniuliza mbona fulani kaondoka kikavu hivyo. Ninachokataa ni pale mtu anapojua kabisa amemkosea nani, kisha anajificha nyuma ya watu wote. Huyo mfuate mezani kwake, au mpigie simu kama yuko Kongwa. Ukishamaliza hilo, sentensi ya jumla ibaki, fupi, mwishoni. Kama mgogoro ulikuwa mkubwa na kila mtu anaujua, sina hakika iandikweje. Naamua kwa kumtazama mwandishi na timu yake.

Kinachosahaulika zaidi ndicho watu wanachokihitaji: nani anashika kazi yako. Yule mratibu alitumia aya tatu kushukuru na hakusema malipo ya vikundi vya Kongwa yatamsubiri nani. Tukaandika upya:

"Ndugu wenzangu, tarehe 30 ndiyo siku yangu ya mwisho kazini. Kuanzia tarehe 1, malipo ya vikundi vya Kongwa na Mpwapwa atayashika Mratibu Msaidizi. Nimemkabidhi mafaili na orodha ya malipo yasiyokamilika. Timu ya Kongwa, sitasahau mlivyorudia hesabu za vikundi usiku kucha ili ripoti iwahi. Ahsanteni nyote. Kama kuna niliyemkosea, naomba radhi. Namba yangu binafsi iko hapa chini."

Shukrani moja yenye tukio inatosha. Ukianza kutaja majina kumi na mawili, wa kumi na tatu ataumia, na atakuwa dereva au mhudumu wa ofisi. Orodha ya majina igeuze salamu za ana kwa ana.

Anwani za wapokeaji ziweke kwenye BCC, la sivyo kila "kila la heri" itawafikia wote. Wateja na wafadhili wasiwemo. Kuwaaga hao ni jambo la kukubaliana na msimamizi wako. Tuma siku moja kabla ya kuondoka, asubuhi, kwa sababu siku yenyewe watu wa TEHAMA wanaweza kufunga akaunti yako kabla hujajibu aliyetaka kujua ufunguo wa kabati umemwachia nani.