Kamera ya polisi ikisema ni yeye

"Mtambo wa kutambua nyuso una usahihi wa asilimia 99.9, kwa hiyo ukimtaja mtu, ndiye."

Hesabu inakataa. Tuseme askari mwenye kamera kifuani, iliyounganishwa na orodha ya wanaosakwa, anapita kwenye umati wa watu 10,000, na 5 kati yao kweli wanasakwa. Mtambo ukikosea kwa uso 1 tu katika kila 1,000, hata ukiwanasa wote 5, utawasingizia wengine kama 10. Yaani katika kila watu watatu wanaotajwa, wawili hawahusiki. Na nyuso zote 10,000 zimeshapekuliwa.

Mtambo wenyewe hutoa alama za mfanano tu. Kiwango cha kupigia kengele huwekwa na watu. Kikipandishwa, wanaosingiziwa hupungua, ila wanaosakwa nao hupenya.

Detroit, Marekani, Januari 2020, mwanamume asiyehusika alikamatwa kwa wizi wa saa dukani baada ya mtambo kuilinganisha picha ya video na ya leseni yake ya zamani. Kabla ya kukamatwa, "shahidi" alikuwa amemchagua kwenye picha. Shahidi gani? Hakuwepo dukani, aliitazama video ileile. Mwaka 2024 polisi wa huko walikubali kutomkamata mtu kwa matokeo ya mtambo peke yake.