Shaka ya kitaalamu: neno la kwanza ninalomwambia mkaguzi wa ndani anayeanza kazi

Kila mwaka napokea vijana wapya katika kitengo cha ukaguzi wa ndani ninachokiongoza. Siku ya kwanza nakaa nao asubuhi nzima, na sehemu kubwa ya muda huo huenda kwenye neno moja: shaka ya kitaalamu. Wengi hulijua kwa ajili ya mtihani. Nikiwauliza maana yake, husema ni kutomwamini mtu yeyote. Sivyo, na anayeanza kazi na maana hiyo huwa mkaguzi mbaya, kwa sababu anayemwona kila mhasibu kuwa mwizi ameshaamua kabla ya kutazama.

Shaka ya kitaalamu ni kukataa kuamua mapema, upande wowote. Humchukulii unayemkagua kuwa mwongo, wala humchukulii kuwa mkweli. Unachukua alichokuambia kama maelezo, kisha unatafuta kitu kingine ambacho yeye hakukitengeneza, uone kama viwili hivyo vinakubaliana. Maneno ya mwisho ndiyo ya kushika: kitu ambacho yeye hakukitengeneza.

Nitumie mfano wa mafuta ya gari, nilioutunga kwa ajili ya darasa, ingawa kila aliyekagua ofisi yenye magari ataona ameshakutana nao.

Gari la idara limetumia lita 620 za dizeli mwezi Machi. Hati ya malipo ipo, imesainiwa. Stakabadhi za kituo cha mafuta zipo, na ukizijumlisha zinafika lita 620. Daftari la safari linaonyesha gari limekwenda kilometa 4,340. Ukigawa unapata kilometa 7 kwa lita, ulaji wa kawaida kabisa kwa gari la aina hiyo. Mkaguzi mvivu anaweka alama ya vema na kwenda gari linalofuata.

Mwenye udadisi anagutuka hapo hapo, kwa sababu ni kilometa 7 kamili. Anafungua Februari: 7 kamili. Januari: 7 kamili. Gari linalopita barabara ya lami leo na matope kesho haliwezi kula mafuta kwa usawa wa namna hiyo. Namba zinazokubaliana kupita kiasi mara nyingi zimeandikwa na mtu aliyeanza na jibu, akarudi nyuma kujaza safari. Lakini huo bado ni mnong'ono tu, si ushahidi. Hati zote tatu zimepita mikononi mwa watu walewale, dereva na afisa usafirishaji, hivyo kukubaliana kwake hakutuambii kitu.

Basi anakwenda gereji. Kadi ya matengenezo huandikwa na fundi, ambaye hana haja na lita za mtu. Inaonyesha dashibodi ilisoma 118,400 gari lilipoingia mwanzoni mwa Machi, na 119,950 liliporudi siku za kwanza za Aprili. Tofauti ni kilometa 1,550. Kwa ulaji uleule wa kilometa 7, mafuta yaliyohitajika ni kama lita 221. Zimebaki lita 399 zisizo na safari.

Hapa ndipo vijana wangu hutaka kukimbilia kuandika taarifa, na hapa ndipo ninawashika mkono. Shaka ile uliyoielekeza kwa dereva, sasa ielekeze kwenye jibu lako mwenyewe. Je, dashibodi ilikufa katikati ya mwezi ikabadilishwa? Muulize fundi, na uombe kuona kumbukumbu zake. Je, mafuta yalikwenda kwingine kwa halali? Muulize dereva, kwa adabu na bila mtego. Dereva katika mfano wetu anasema mengine yalitiwa kwenye jenereta ya ofisi umeme ulipokatika. Maelezo hayo yanaweza kuwa kweli, na jenereta ina mita ya saa. Mita inaonyesha imefanya kazi saa 6 mwezi huo, nayo hula lita 10 kwa saa. Lita 60 zimepata mwenyewe. Zinabaki 339.

Hoja ya ukaguzi itaandikwa kwa lita 339, si 399. Tofauti ya lita 60 yaweza kuonekana ndogo, ila kama ungeandika 399, menejimenti ingejibu kwa jenereta peke yake, na hoja nzima ingeonekana ya kubahatisha. Neno wizi halimo katika hoja hiyo. Unaandika ulichokikuta, kanuni inasemaje, kwa nini imetokea kadiri ulivyoweza kujua, hasara yake, na unachopendekeza. Nani alichukua ni swali la uchunguzi, na lina utaratibu wake na watu wake.

Huo ndio udadisi, na kwa kweli ni nusu nyepesi ya kazi. Nusu ngumu inaanza pale namba inapomgusa mkubwa. Kwa nusu hiyo sitoi mfano wa kutunga, kwa sababu upo wa kweli ambao kila mkaguzi wa ndani anapaswa kuujua.

Mwaka 2002, Cynthia Cooper alikuwa mkuu wa ukaguzi wa ndani wa WorldCom, kampuni kubwa ya simu yenye makao yake Clinton, Mississippi, Marekani. Timu yake ilikuwa ikikagua matumizi ya mtaji ilipokuta kiasi kilichoitwa kwa jina la ajabu, kitu kama "uwezo uliolipiwa kabla". Waliuliza maana yake. Watu wa fedha hawakuweza kuieleza, wakawaelekeza kwa wakubwa wao. Kwangu mimi, hapo ndipo somo lote lilipo. Jina katika vitabu vya hesabu ambalo anayelitumia hawezi kulieleza kwa maneno ya kawaida ni mlango wa kufungua, hata kama nyuma yake kuna chumba kitupu.

Chumba hakikuwa kitupu. WorldCom ililipa ada kwa kampuni nyingine za simu ili kupitisha mawasiliano ya wateja wake kwenye mitandao yao. Ada hizo ni matumizi ya kila siku na zilipaswa kupunguza faida ya kipindi kilekile. Badala yake zilihamishwa na kuandikwa kama mali ya kampuni. Ni sawa na mpangaji anayelipa kodi ya chumba kila mwezi, kisha anaandika kwenye daftari lake kwamba anajenga nyumba. Fedha imetoka vilevile, lakini kwenye karatasi mtu anaonekana tajiri.

Sasa tazama alivyokuwa amekaa Cooper. Bosi wake katika kampuni alikuwa Scott Sullivan, mkuu wa fedha, na mahamisho yale yalifanywa chini ya idara ya Sullivan huyo huyo. Wakaguzi wa nje, Arthur Andersen, walikuwa wameshatoa hati safi kwa hesabu za 2001. Sullivan alipojua ukaguzi unaelekea wapi, alimwomba Cooper ausogeze mbele hadi robo nyingine ya mwaka. Ombi la namna hiyo halina sauti ya kitisho. Mkubwa anakuambia una kazi nyingi, hili litasubiri, tutalirekebisha wenyewe. Wakaguzi wengi wameanguka kwenye ulaini huo kuliko walioanguka kwa kufokewa.

Cooper hakusogeza. Timu yake ilifanya kazi hadi usiku, ikavuta miamala kutoka kwenye mfumo na kuihifadhi nakala pembeni, ikahofia kwamba ingeweza kufutwa. Kisha alipeleka jambo kwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi ya bodi. Wakati huohuo alirudi kwa waliofanya mahamisho na kuwaomba nyaraka za kuyathibitisha. Hazikuwapo. Tarehe 25 Juni 2002 kampuni ilitangaza kwamba dola bilioni 3.8 ziliandikwa visivyo. Julai ileile iliomba kinga ya mufilisi mahakamani, na baadaye kiasi kilichopotoshwa kilifika kama dola bilioni 11. Sullivan alihukumiwa kifungo cha miaka 5, na mkurugenzi mkuu, Bernard Ebbers, alihukumiwa miaka 25.

Vijana huniuliza: Mama, alipata wapi ujasiri ule? Ninachoweza kuwaonyesha ni mambo mawili yaliyo wazi. Alikuwa na nyaraka mkononi kabla ya kupanda ngazi. Na ngazi yenyewe ilikuwepo, maana mkaguzi wa ndani ana njia ya kuifikia kamati ya ukaguzi bila kupitia kwa anayemkagua. Kama katika ofisi yako njia hiyo haipo kwa maandishi, hilo lenyewe ni la kuripoti. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani vilivyoanza kutumika tarehe 9 Januari 2025 vimeuweka ujasiri wa kitaalamu pamoja na uaminifu katika kiwango cha kwanza kabisa, 1.1. Shaka ya kitaalamu ipo mbele kidogo, 4.3. Naupenda mpangilio huo. Mwenye shaka asiye na ujasiri atagundua, kisha ataficha alichogundua, na kuficha huko ni kusema uongo.

Lakini simwombi kijana wa wiki ya kwanza apambane na mkuu wa fedha. Wajibu wake ni mdogo na wazi: kuandika alichokiona kwenye karatasi za kazi na kumfikishia msimamizi wake. Karatasi za kazi ziandikwe ili mkaguzi mwingine, ambaye hakuwepo, azichukue baada ya miaka 2 na kufika kwenye jibu lilelile bila kukupigia simu. Andika umemwuliza nani, cheo chake, tarehe, alijibu nini, na ulithibitisha kwa kitu gani. "Tumeelezwa kuwa ni sawa" si ushahidi, na nikiikuta sentensi hiyo nairudisha karatasi bila kusoma iliyobaki.

Mazoea hayo tunayaanzia kwenye kitu kidogo kabisa. Kazi ya kwanza ninayowapa ni kuhesabu masurufu ya kudumu ya ofisi moja, bila taarifa ya mapema. Tuseme kiwango kilichoidhinishwa ni shilingi 1,000,000. Fedha taslimu, pamoja na stakabadhi za matumizi ambayo bado hayajarejeshwa, lazima zifike hapo. Anayehesabu noti ni mtunza fedha mwenyewe, mkaguzi akiwa amesimama anatazama, na hata noti moja haishiki peke yake. Mtunza fedha hatoki chumbani hadi kazi iishe, na fedha zote alizonazo, hata za mfuko mwingine, huwekwa mezani kwa pamoja, ili zisihamishwe kuziba pengo la mfuko mmoja baada ya mwingine. Wakimaliza wanaandika saa na dakika, wanasaini wote wawili, kisha fedha inarudi kwa mwenyewe, naye anasaini tena kwamba amerudishiwa yote.

Mwaka jana mmoja wao aliniletea karatasi iliyokamilika hadi shilingi ya mwisho, ila haikuwa na saini ile ya pili. Nilimrudisha kuhesabu upya siku ileile.